Kiliuzwa Kwanza, Kikapimwa Baadaye
Mhadhara kwa wazazi, wakunga na wauzaji wa vifaa vya watoto



Tarehe 12 Aprili 2019 kampuni ya Fisher-Price ya Marekani ilitangaza kwamba inaviondoa sokoni vilalio vyake vya watoto wachanga, na ikawataka wazazi waache kuvitumia siku hiyohiyo. Vilikuwa karibu milioni 4.7. Jina la kilalio hicho dukani lilikuwa Rock 'n Play Sleeper, na kiliuzwa kuanzia mwaka 2009. Siku ya tangazo hilo, vifo vya watoto vilivyoripotiwa kutokea ndani yake vilikuwa vimezidi 30. Januari 2023 tangazo likatolewa tena, na safari hii hesabu ilikuwa imefika takribani 100. Angalau vinane kati ya hivyo vilitokea baada ya tangazo la kwanza, yaani katika nyumba ambazo kifaa kilikuwa bado kinatumika wakati dunia nzima imeshaambiwa. Kampuni yenyewe ilisema kwamba kwa baadhi ya vifo haikuweza kuthibitisha mazingira yake, nasi tuipe haki yake kwa hilo. Hata hivyo, hakuna mzazi anayehitaji hesabu ya mia ili aamue.

Nimekichagua kifaa hiki kwa makusudi. Aina za vitu vinavyouzwa kwa ahadi ya kumlaza mtoto ni nyingi: kuna vilalio vya mwinamo kama hiki, kuna viota vya kitambaa laini ambavyo wauzaji wetu wanaviita bebi nesti, na kuna vishikizo, ile mito miwili midogo inayombana mtoto ubavuni asigeuke. Nikiwaeleza kwa kina kilichotokea kwa kimoja, hivyo vingine mtavisoma wenyewe.

Tukione kwanza kilivyokuwa. Ni fremu ya chuma inayokunjika, na juu yake kumetandazwa kitambaa chenye sponji kilichobonyea katikati kama machela. Kichwa cha mtoto kinakaa juu, matako chini, na mgongo unaegemea mwinamo wa nyuzi 30 hivi. Miguu ya fremu imepinda, kwa hiyo mama anaweza kukibembeza kwa kidole cha mguu huku mikono ikiwa na kazi nyingine. Mbunifu wake alikuwa mfanyakazi wa kampuni ambaye mtoto wake mwenyewe alikuwa akicheua sana, na daktari akamshauri amlaze kichwa kikiwa juu. Wazo likatoka hapo. Kwa hiyo hatuzungumzii watu waliokaa chini wakapanga kuua watoto. Ni mama aliyechoka, akatafuta njia ya kuwasaidia wengine waliochoka. Ubaya ulikuja baada ya wazo.

Wakati huo tayari Akademia ya Madaktari wa Watoto ya Marekani ilikuwa ikiwaambia wazazi wamlaze mtoto chali, mahali tambarare na pagumu. Kampuni ilijua. Ilipokiandaa kifaa chake haikufanya utafiti wowote wa kitabibu kuona kama mtoto anaweza kulala usiku kucha katika mwinamo wa nyuzi 30 bila kudhurika. Kwa upande wa utaalamu wa tiba ilimtegemea daktari mmoja, na huyo hakuwa daktari bingwa wa watoto. Haya yaliandikwa kwa kirefu na magazeti ya Marekani mwaka 2019, kisha yakachunguzwa na kamati ya Bunge la nchi hiyo, ambayo ilitoa ripoti yake Juni 2021. Kamati ilikadiria kwamba katika miaka kumi ya mauzo kifaa hicho kiliiingizia kampuni angalau dola milioni 200.

Mtauliza: serikali ilikuwa wapi? Serikali ilikuwapo, na hapa pana jambo ambalo wafanyabiashara mlio humu ndani mtalielewa haraka kuliko wengine. Kanuni ya vitanda vidogo vya watoto ilikuwa ikielekea kuzuia mwinamo mkubwa. Kama kifaa hiki kingehesabiwa kuwa kitanda kidogo, kisingepita. Basi kikatafutiwa kundi lake peke yake, “bidhaa za kulalia zenye mwinamo”, na kundi hilo likapewa kiwango chake cha hiari kilichoruhusu kuanzia nyuzi 10 hadi 30. Kwa maneno mengine, rula ilikatwa kwa urefu wa kile kilichokuwa tayari dukani. Kanada ilikataa kiitwe kilalio, kwa hiyo huko kiliuzwa kama kifaa cha kumtuliza mtoto. Kifaa ni kilekile na mtoto ni yuleyule, ila Mkanada alikisoma kwenye boksi kwa jina moja na Mmarekani kwa jina jingine.

Sasa tuingie ndani ya mwili wa mtoto, maana hapo ndipo hoja yote ilipo.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa na kizito kwa kulinganisha na mwili wake, na kisogo kimetokeza nyuma. Shingo ni fupi na misuli yake haijakomaa. Taya la chini ni dogo, na ulimi unajaza karibu kinywa chote. Njia ya hewa ya mtoto wa wiki chache ni nyembamba mno, upana wake ni milimita chache tu, na kuta zake ni laini kiasi kwamba zinabonyea kwa urahisi. Mlaze mtoto huyu chali mahali tambarare, kichwa kinatulia, kidevu kinakuwa mbali na kifua, na hewa inapita. Mwegemeze kwenye mwinamo, na uzito wa kichwa unaanza kufanya kazi dhidi yake. Kila anapozama usingizini misuli ya shingo inalegea, kichwa kinashuka mbele, kidevu kinagusa kifua, na ile njia nyembamba inapinda. Haihitaji kuziba kabisa. Ikibaki nusu, mtoto anavuta hewa pungufu kwa dakika nyingi, oksijeni inashuka kidogokidogo, na yeye anazidi kulegea.

Nataka msikilize sehemu hii vizuri, mama zangu, kwa kuwa wengi hujipa moyo kwamba “nitamsikia”. Hutamsikia. Kulia kunahitaji hewa ipite kooni, na shida yake ni hiyohiyo hewa. Mtoto anayekosa pumzi kwa namna hii hafurukuti wala hakoromi kwa sauti ya kumwamsha mtu. Anaonekana amelala vizuri. Kukiwa na mtu mzima chumba kilekile, akikunja nguo, bado anaweza asijue.

Hiyo ni njia ya kwanza ya hatari, na hutokea mtoto akiwa amekaa vilevile alivyowekwa. Njia ya pili ilichukua muda kueleweka. Vifo kumi ambavyo mamlaka ya Marekani ilivitaja katika onyo la kwanza la Aprili 2019 vilikuwa vya watoto wa miezi mitatu na kuendelea, waliogeuka wakalala kifudifudi ndani ya kifaa wakiwa hawajafungwa mkanda. Ushauri uliotolewa siku hiyo ulikuwa kwamba mtoto akifika miezi mitatu, au akianza kujigeuza, kifaa kiachwe. Mzazi angeelewa kwamba chini ya miezi mitatu ni salama. Siku tatu baadaye, jarida la Consumer Reports lilichapisha uchunguzi wake: vifo vilivyopatikana havikuwa 10 bali angalau 32, na baadhi ya watoto walikuwa wadogo kuliko umri huo. Kesho yake madaktari wa watoto wakadai kifaa kiondolewe kabisa. Siku tatu tena, kikaondolewa. Miaka kumi ya mauzo ilikwisha ndani ya wiki moja, na sababu ya kwisha ni waandishi waliosoma takwimu.

Kuondolewa hakukujibu swali: kwa nini mtoto ambaye kitandani hawezi kujigeuza aweze kujigeuza humo? Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilimpa kazi hiyo mhandisi wa mitambo ya mwili, Dkt. Erin Mannen, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Arkansas cha Sayansi za Tiba. Aliwachukua watoto wachache wenye afya njema, akawabandika vihisio vidogo juu ya ngozi ya shingo, mgongo na tumbo ili kusoma misuli inavyofanya kazi, na kifaa cha kupima oksijeni. Kisha akawalaza kwa zamu, chali na kifudifudi, juu ya godoro tambarare, juu ya mbao zenye mwinamo mbalimbali, na ndani ya vilalio vyenyewe vilivyokuwa vikiuzwa. Wazazi walikuwa pembeni na watoto hawakuachwa walale.

Alichokiona ni hiki. Ndani ya kilalio mwili wa mtoto umekunjika kiunoni na magoti yamepanda, mkao ambao tayari ni nusu ya safari ya kujigeuza. Kwa hiyo mtoto ambaye nyumbani hajawahi kujigeuza hata mara moja anaweza kujigeuza kwa mara ya kwanza humo ndani, usiku, bila yeye wala mama yake kutarajia. Akishalala kifudifudi, mambo yanabadilika. Uso umezama kwenye kitambaa chenye sponji, kiti kimebonyea, na mgongo umepinda vibaya. Ili apate hewa lazima anyanyue kichwa, na kunyanyua kichwa katika mkao ule kunamlazimisha kutumia misuli ya tumbo kwa nguvu kuliko angetumia akiwa kifudifudi juu ya godoro tambarare. Kurudi chali nako ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa sasa anapigana na shimo. Anajaribu, anachoka, anaweka uso chini. Anajaribu tena kwa nguvu pungufu. Ndiyo maana familia nyingi zilisema mtoto hakuwa na ugonjwa wowote. Kweli hakuwa nao, alichoka.

Ripoti ya Mannen ilitolewa hadharani mwaka 2019, baada ya kifaa kuondolewa. Katika vilalio vya mwinamo alivyovipima hakukuta hata kimoja kilicho salama kwa usingizi wa mtoto, na akaona kwamba mwinamo usiozidi nyuzi 10 ndio unaoelekea kuwa salama, mradi pawe pagumu na tambarare. Kazi yake haikuhitaji mitambo ya ajabu wala miaka mingi. Ingeweza kufanywa mwaka 2008, kabla ya kifaa cha kwanza kuingia dukani.

Nyuzi 10 ni kiasi gani? Chukua ubao wenye urefu wa sentimeta 60, ambao ni zaidi kidogo ya urefu wa mtoto wa miezi miwili. Ulaze sakafuni, kisha nyanyua upande mmoja kwa sentimeta 10. Umekaribia nyuzi 10, na ukiutazama utasema haujainuka kitu. Sasa unyanyue mpaka sentimeta 30. Hizo ndizo nyuzi 30, na ubao umesimama kiasi kwamba ukiweka chungwa juu yake litateremka mpaka mlangoni. Naomba lakini mtu asiende nyumbani akaanza kumtafutia mwanawe nyuzi 10. Namba hiyo ni mpaka wa watengenezaji, pamoja na masharti mengine ya ugumu na kuta. Kwa mzazi mwinamo ni sifuri.

Najua swali linalofuata, kwa kuwa kila mkunga analijua: na mtoto anayecheua je? Si atapaliwa akilazwa chali? Hofu hii ndiyo iliyouza vilalio vyote hivi, na imewapa usiku mbaya mabibi wengi wenye nia njema. Jibu liko kwenye mpangilio wa koo. Mtoto akilala chali, njia ya hewa iko juu na umio, njia ya chakula, iko chini yake. Maziwa yakirudi kutoka tumboni yako kwenye bomba la chini. Ili yaingie kwenye la hewa lazima yapande. Mtoto mwenye afya anayameza tena au anayatema pembeni. Mgeuze kifudifudi, mpangilio unapinduka: bomba la hewa sasa ndilo liko chini, na maziwa yanashuka kulielekea. Ukimwegemeza kwenye mwinamo, anateleza taratibu mpaka anakunjika tumboni, na tumbo lililobanwa halitulii. Madaktari wa watoto wanasema wazi kwamba kuinua kichwa cha kitanda hakupunguzi kucheua. Kinachosaidia ni kumnyonyesha kidogokidogo, kumcheulisha, na kumshika wima begani kwa muda baada ya kunyonya, wewe ukiwa macho. Wapo watoto wachache sana wenye maumbile ya koo yasiyo ya kawaida ambao daktari wao atatoa maelekezo mengine. Hao wana daktari, wala hawahitaji duka.

Tuje kwenye viota. Kiota kinaonekana kuwa ndugu mpole: hakina fremu, hakina mwinamo mkubwa, ni kama mto mrefu mnene uliokunjwa kuwa duara na katikati pana kitambaa cha kulalia. Ni zawadi inayopendwa kwenye sherehe za kumtunza mama mtarajiwa, na picha zake ni nzuri. Hatari yake iko katika ule ukuta laini ambao ndio sifa yake. Mtoto anageuza uso kwenye ukuta, pua na mdomo vinazama. Hewa anayoitoa haina pa kwenda, inabaki kwenye sponji mbele ya pua, naye anaivuta tena. Kila pumzi inakuwa na kabonidayoksaidi zaidi na oksijeni pungufu. Mtoto mkubwa angeamka, agutuke, ageuze kichwa. Mtoto wa mwezi mmoja au miwili mara nyingi hawezi, na baadhi hata hawaamki. Kipindi cha hatari zaidi kwa vifo vya ghafla vya watoto ni umri wa mwezi wa pili hadi wa nne, ambao ndio umri hasa ambao viota vinauzwa.

Marekani ilikuwa na kisa chake hapa pia. Septemba 2021 mto wa kulazia mtoto wa kampuni ya Boppy, aina ya mto wenye shimo katikati, uliondolewa sokoni ukiwa umeuzwa zaidi ya milioni tatu, kufuatia vifo vinane. Kwenye mto huo kampuni ilikuwa imeandika kwamba si wa kulalia, mtoto awekwe akiwa macho na mtu yupo karibu. Ninayaona maandishi ya namna hiyo kwenye viota vingi, herufi ndogo nyuma ya lebo, wakati mbele kuna picha ya mtoto amefumba macho. Mimi sioni kwamba onyo kama hilo linamlinda mtoto. Linamlinda mwanasheria. Mtoto wa wiki sita hulala sehemu kubwa ya saa 24, na popote pale laini na pa joto unapomweka akiwa macho, baada ya dakika kumi atakuwa amelala. Mwaka 2024 mamlaka ya Marekani ilipitisha kanuni maalumu ya mito na viota vya namna hii, ikidai viwe vigumu na mwinamo wake usizidi nyuzi 10.

Kwa vishikizo sina haja ya kukawia. Viliuzwa kwa madai kwamba vinamzuia mtoto asijigeuze na hivyo vinazuia vifo vya usingizini. Septemba 2010 mamlaka mbili za Marekani, ile ya bidhaa na ile ya chakula na dawa, zilitoa onyo la pamoja: katika miaka 13 zilikuwa zimepata taarifa za vifo 12 vya watoto waliokabwa na vishikizo hivyo au waliojigeuza kutoka ubavuni wakakwama kifudifudi dhidi ya mto. Mamlaka ya dawa ilisema haijawahi kukiidhinisha hata kimoja kwa ajili ya kuzuia vifo vya usingizini. Ukisikia muuzaji anasema kifaa chake kinazuia vifo, hapo anza kuondoka dukani.

Kuna hoja moja ya wazazi ambayo naiheshimu, nayo ni kwamba vitu hivi vinafanya kazi. Kweli mtoto analala humo kwa muda mrefu. Amekunjwa, amezungukwa, ana joto, hashtukishwi na mikono yake mwenyewe. Juu ya godoro gumu yuleyule anaamka baada ya saa moja. Ninachowaomba mkione ni kwamba kuamkaamka kwa mtoto mchanga ndiko kunakomfanya ageuze kichwa pua inapozibwa na avute pumzi ndefu hewa inapopungua. Kifaa kinachomnyamazisha kwa saa tano kimeondoa kero ya mzazi, na wakati huohuo kimepunguza nafasi za mtoto kujiokoa. Uchovu wa mama ni wa kweli, ila dawa yake ni mtu wa pili ndani ya nyumba: baba, shangazi, bibi, yeyote anayeweza kumpokea mtoto saa kumi usiku ili mama alale.

Sheria ya Marekani sasa iko wazi. Kanuni iliyoanza Juni 2022 inataka kila bidhaa inayouzwa kwa usingizi wa mtoto wa hadi miezi mitano iwe na mwinamo usiozidi nyuzi 10 na itimize masharti ya vitanda vya watoto. Mwezi mmoja kabla, Mei 16, Rais Biden alitia saini sheria iliyopiga marufuku kabisa utengenezaji na uuzaji wa vilalio vya mwinamo unaozidi nyuzi hizo, pamoja na mito ya kuzungushia kuta za vitanda. Australia imekwenda mbali zaidi kwa kuweka mpaka wa nyuzi 7. Lakini sheria hukaa mpakani, na vitu husafiri. Ndugu zetu walio Ughaibuni hufungasha vifaa vya watoto wao waliokua wakatuma nyumbani kwa meli. Mitumba ya watoto huja bila boksi na bila lebo. Wauzaji wa mitandaoni huagiza viota moja kwa moja kutoka viwandani, na hakuna anayeuliza kuhusu nyuzi. Kwa hiyo mzazi wa Dar es Salaam au Nairobi anabaki kuwa mkaguzi wa mwisho, na pengine wa kwanza.

Ukaguzi wenyewe ni wa mikono na macho. Bonyeza unapomlaza mtoto kwa kiganja: kikibakia shimo baada ya kuondoa mkono, ni laini mno. Waaustralia wana kipimo cha nyumbani kwa ajili ya magodoro: unapanga sidi 12 moja juu ya nyingine, unalaza juu yake pakiti mbili za maziwa za lita moja, moja ikining'inia nje kwa sentimeta nne, pakiti ikigusa godoro, godoro limebonyea kupita kiasi. Sidi zenyewe siku hizi utaziazima kwa nani sijui, lakini kiganja kinatosha kwa kazi nyingi. Kisha tazama kidevu. Mtoto akilala humo kidevu chake kikikaribia kifua, au ukikosa nafasi ya kupitisha vidole viwili kati yake na kifua, mtoe. Kisha tazama ubavuni: kama kuna kitu chochote laini ambacho pua yake inaweza kukifikia, kiondoe, na hapo naingiza ule mto mdogo wa maua unaokuja pamoja na chandarua cha kukunja cha mtoto. Chandarua kibaki, malaria si mzaha. Mto utoke, na kama kigodoro chake ni laini, kitoe nacho utandike kanga juu ya godoro gumu, uikaze pembeni.

Kiti cha gari ni kitu kingine, nacho ni cha lazima barabarani. Mwinamo wake umepimwa kwa ajili ya ajali, mtoto akiwa amefungwa mikanda yake sawasawa na kiti kimefungwa garini. Kikishushwa sebuleni mtoto akaachwa humo alale na mikanda imelegezwa, kimekuwa kilalio cha mwinamo kama kile tulichokieleza. Mkifika, mtoeni.

Wengi wetu tunalala na watoto wetu kitanda kimoja, na baadhi hununua kiota wakidhani kinaweka mpaka salama katikati ya kitanda hicho. Hakiweki. Kinaongeza kitambaa laini mahali ambapo tayari pana mito na mablanketi. Ushauri wa madaktari ni chumba kimoja na malazi tofauti. Kama nafasi hairuhusu, afadhali godoro gumu lisilo na mto wala blanketi zito karibu na mtoto, mtoto chali upande wa mama, na asiwepo kitandani mtu aliyelewa, anayevuta sigara au aliyekunywa dawa ya usingizi. Kwenye sofa usilale na mtoto kamwe. Sofa ni mbaya kuliko kitanda chochote.

Ukimkuta mtoto amekunjika na rangi ya midomo imebadilika, mtoe haraka, mlaze chali sakafuni, kichwa kikiwa sawa bila kukipindisha sana nyuma, na umguseguse nyayo huku ukiita jina lake. Asipovuta pumzi, anza kumpulizia hewa na kumkandamiza kifua kama mkunga wako alivyokufundisha, na kama hakukufundisha, mwombe kabla hujatoka kliniki kesho.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye vitu hivi tayari. Vile vifo vinane vilivyotokea baada ya tangazo la 2019 vilitokea ndani ya vifaa ambavyo havikuharibiwa. Usimpe jirani, usimtumie binamu, usikiweke sokoni kwa bei ya kutupa. Kitambaa kikate kwa mkasi, fremu ipinde isiweze kusimama tena, ndipo ukitupe.